Vidonge vya siku 21: kilo zimetoka kweli, lakini nani amezitoa?

*Mshauri, salamu. Nina miaka 31 na nafanya mazoezi mara tatu kwa wiki. Kuna kocha ninamfuata mtandaoni, ana wafuasi wengi na mwili wake unavutia kweli. Anauza kifurushi cha siku 21: vidonge vya kuchoma mafuta vyenye dondoo ya tunda la garsinia, chai ya kijani na kahawa mbichi, pamoja na mpango wa kula usio na wanga. Kila siku anaweka picha za kabla na baada, na kuna mmoja aliyepungua kilo 8. Anasema utafiti umethibitisha, na picha ya huo utafiti ameiweka. Rafiki yangu amenunua na wiki ya kwanza tu kapungua kilo 4, mizani nimeiona kwa macho yangu. Ofa inaisha leo usiku. Nichukue, au naingizwa mjini?*

*Mwenye Shaka*

Dada Mwenye Shaka, ofa ikiisha leo usiku iache iishe. Kesho itakuwepo, na huko mbele utaona namna ya kulihakikisha hilo bila kumuuliza mtu. Tuanze na mizani ya rafiki yako, maana naona hiyo ndiyo iliyokugusa kuliko maneno yote ya kocha.

Mizani haikudanganya. Kilo 4 zimetoka. Ila mizani hupima kila kilichomo mwilini kwa pamoja: mafuta, misuli, maji, chakula kilicho tumboni. Kilo moja ya mafuta ya mwili imebeba takriban kalori 7,700. Ili kilo 4 zote ziwe mafuta, rafiki yako angepaswa kutumia kalori 30,800 zaidi ya alizokula kwa siku saba, yaani pengo la kalori 4,400 kila siku. Mwanamke wa umbo la kawaida anayefanya mazoezi kiasi hutumia kama kalori 2,000 kwa siku, pengine na ziada kidogo. Hata angefunga wiki nzima bila kutia kitu mdomoni angefika kama nusu tu ya pengo hilo. Yule wa kilo 8 mpigie hesabu hiyohiyo: 61,600 gawanya kwa 21, unapata kama 2,930 kwa siku. Naye hafiki.

Basi kilichotoka kwa wingi ni maji, na anayeyatoa ni ule mpango usio na wanga. Mwili huweka akiba ya wanga kwenye ini na misuli, iitwayo glaikojeni. Kwa mtu mzima akiba hiyo ni kama gramu 400 hadi 500, na kila gramu hukaa pamoja na takriban gramu 3 za maji. Ukiacha wanga, akiba huliwa ndani ya siku chache na maji yake huenda na mkojo. Hapo kilo moja na nusu hadi mbili zimeondoka bila mafuta kuguswa. Ongeza kwamba mtu aliyeacha wanga mara nyingi hula chakula kidogo kwa jumla na chumvi kidogo, hivyo utumbo unakuwa mwepesi na mwili unashikilia maji machache zaidi. Mafuta kiasi nayo yatakuwa yamepungua, sikatai. Ila sehemu kubwa ya kilo 4 hizo itarudi siku chache baada ya rafiki yako kurudia kula wanga, na kocha atamwambia imerudi kwa sababu kaacha vidonge.

Ona pia muda uliochaguliwa. Siku 21 ni fupi kiasi kwamba maji ya wiki ya kwanza bado yanapamba jumla. Kifurushi kingekuwa cha wiki 12, wastani kwa wiki ungeshuka na picha zisingevutia namna hii.

Sasa twende kwenye shuhuda zenyewe. Watu wengi hujiuliza kama shuhuda ni za kutunga. Baadhi huwa hivyo, lakini swali hilo halikusaidii sana, kwa sababu shuhuda zinaweza kuwa za kweli zote na bado zisikuambie lolote kuhusu kidonge. Kila aliyepigwa picha amefanya mambo mawili kwa wakati mmoja: amemeza vidonge na amebadilisha chakula. Wengine wameongeza na mazoezi. Anayepewa sifa ni yule anayeuzwa. Cha kutafuta ni watu waliokula mpango uleule, kwa muda uleule, bila vidonge. Wao walipungua kiasi gani?

Kwa bahati nzuri, garsinia iliwahi kupimwa hivyohivyo. Mwaka 1998 jarida la madaktari la Marekani, JAMA, lilichapisha jaribio la watu 135 wenye uzito uliozidi. Wote walipewa mlo wa kalori chache wenye nyuzinyuzi nyingi. Kisha wakagawanywa kwa bahati nasibu: kundi moja likapata garsinia, jingine kidonge kinachofanana nacho lakini kisicho na kitu, yaani plasebo. Waliomeza hawakujua wamepata kipi, na watafiti waliowapima hawakujua pia. Baada ya wiki 12, wa garsinia walikuwa wamepungua wastani wa kilo 3.2. Wa kidonge kitupu walipungua kilo 4.1.

Usikimbilie kusema garsinia inanenepesha. Tofauti hiyo ni ndogo, inaweza kutokea kwa bahati tu. Kinachonivutia mimi ni zile kilo 4.1. Ndani ya kundi la kidonge kitupu walikuwemo watu waliopungua vizuri sana kuliko huo wastani. Ungewachukua watano bora ukawapiga picha za kabla na baada, ungekuwa na ukurasa wa shuhuda wa kuvutia, wote wakisema ukweli mtupu, na kidonge walichokimeza hakina kitu ndani. Na katika jaribio hilo walioanza ni 135 lakini waliofika mwisho ni 84. Ripoti ya kitaalamu inalazimika kuiandika idadi hiyo. Kocha wako hajaeleza wangapi walinunua, wangapi waliacha siku ya tisa na wangapi hawakupungua chochote, na maoni ya wanaolalamika anaweza kuyafuta mwenyewe kwa kidole kimoja.

Jaribu kumwuliza mtu wa namna hiyo kwa nini fulani hakupungua. Jibu huwa moja: hakufuata mpango. Aliyepungua kasaidiwa na kidonge, asiyepungua ana makosa yake. Kidonge kilichowekewa kanuni hiyo hakiwezi kushindwa kamwe, na kisichoweza kushindwa hakijapimwa.

Kuhusu picha nitasema machache. Angalia mwanga unatoka wapi: ukitoka juu au pembeni hutengeneza vivuli vinavyochora misuli ya tumbo, ukitoka mbele huifuta. Angalia kama wa «kabla» ameachia tumbo na wa «baada» amelivuta ndani, kama suruali imepandishwa juu ya kitovu, kama ngozi imepakwa mafuta. Picha mbili kama hizo zinaweza kupigwa asubuhi moja.

Tuje kwenye «utafiti umethibitisha». Picha ya kichwa cha utafiti haina thamani mpaka umeusoma angalau muhtasari wake, na kuupata ni rahisi. Ingia kwenye PubMed, kanzidata ya tafiti za kitabibu mtandaoni, ni bure, andika kichwa kile kama kilivyo kwenye picha. Kisha tafuta kwa kiambato chenyewe, kwa mfano:

```
garcinia cambogia weight loss
```

Upande wa kushoto weka alama kwenye `Randomized Controlled Trial` na `Meta-Analysis`. Hapo zinabaki tafiti zilizogawanya watu kwa bahati nasibu, na zile zilizojumlisha majaribio mengi pamoja. Ukisoma muhtasari, tazama kwanza waliopimwa ni nani. Sehemu kubwa ya madai ya kuchoma mafuta huanzia kwa panya au kwa seli zilizowekwa kwenye kisahani cha maabara, na dozi aliyopewa panya kwa kila kilo ya uzito wake mara nyingi haina uhusiano na kilichomo kwenye kopo. Wakiwa ni binadamu, hesabu walikuwa wangapi, walilinganishwa na nani, kwa wiki ngapi, na nani aliyelipia.

Halafu usiishie kwenye maneno «tofauti ya kitakwimu», tafuta kilo. Hapa ndipo wauzaji wajanja hujificha. Mwaka 2011 wataalamu walijumlisha majaribio ya garsinia na kupata kwamba wanaoitumia walipungua wastani wa kilo 0.88 zaidi ya wa plasebo. Muuzaji anaweza kuinukuu tafiti hiyo bila kudanganya hata neno moja: «uchambuzi wa majaribio mengi umeonyesha inapunguza uzito». Asichokisema ni kwamba hiyo haifiki hata kilo moja, na kwamba walipobakiza majaribio yaliyofanywa kwa umakini peke yake, tofauti yenyewe haikuonekana tena. Kwa chai ya kijani hali ni hiyohiyo: uchambuzi wa mwaka 2012 wa Cochrane, mtandao wa wataalamu wanaojumlisha tafiti za tiba, uliona upungufu mdogo usio na maana kwa afya ya mtu.

Kahawa mbichi ina kisa chake. Mwaka 2012 ulitoka utafiti ulioonyesha matokeo ya ajabu, ukasambaa hadi kwenye televisheni, na watu wakanunua. Waliopimwa walikuwa 16 tu. Mwaka 2014 Tume ya Biashara ya Marekani, ile inayosimamia haki za wanunuzi, ilieleza kwamba takwimu za uzito wa washiriki zilibadilishwabadilishwa, na mwaka huohuo makala ile ikaondolewa rasmi na watafiti. Wauzaji wapo ambao hadi leo huionyesha. Kwa hiyo ukifungua utafiti kwenye PubMed tazama juu kabisa kama kuna maandishi `Retracted article`. Ukiyakuta, funga ukurasa, hakuna cha kusoma tena hapo.

Hata utafiti ungekuwa mzuri, lazima kilichopimwa kiwe ndicho kilichomo kwenye kopo. Mwombe rafiki yako akupigie picha ya lebo, upande wa viambato. Kwenye bidhaa za aina hii mara nyingi utakuta jina la kujisifu, mathalani «mchanganyiko maalumu wa kuchoma mafuta», miligramu 800, kisha orodha ya vitu vitano bila kiasi cha kila kimoja. Chukulia lebo yake iko hivyo na dozi ya siku ni hiyo. Katika jaribio la 1998 washiriki walipata miligramu 1,500 kwa siku za ile asidi ya garsinia inayodaiwa kufanya kazi, inayoandikwa HCA. Mchanganyiko wote wa miligramu 800 hauwezi kubeba 1,500 za kitu kimoja, hata ungejazwa garsinia tupu. Yaani kocha anatumia jina la kiambato kilichopimwa, anaweka kidogo kuliko kilichopimwa, na hata hicho kilichopimwa hakikufaulu.

Sababu ya kuficha viwango huelezwa kuwa ni siri ya biashara. Inaweza kuwa kweli. Lakini kwako mnunuzi maana yake ni moja: huwezi kulinganisha na utafiti wowote, na huwezi kujua kafeini ni kiasi gani. Kafeini ndiyo inayofanya vidonge hivi «visikike». Moyo unadunda, jasho linatoka, hamu ya kula inapungua kwa saa chache, na mtu anasema naona kabisa mafuta yanaungua. Anachokisikia ni kile ambacho angekipata kwenye vikombe viwili vya kahawa kali. Mtu mzima mwenye afya anashauriwa asizidishe miligramu 400 za kafeini kwa siku kutoka kila chanzo, na mjamzito 200. Ukimeza vidonge, ukanywa kahawa yako ya asubuhi na unga wa kuongeza nguvu kabla ya mazoezi, unaweza kuvuka kiwango hicho bila kujua, kwa sababu lebo haikukuambia.

Mbinu za kuuza sasa, nazo ni rahisi kuzikagua. Kama ukurasa wa ofa una saa inayohesabu kurudi nyuma, fungua ukurasa huohuo kwenye simu nyingine, au kwenye dirisha la siri la kivinjari. Ikianza upya kutoka mwanzo, ujue haihesabu kitu chochote, imewekwa ili ulipe kabla hujafikiri. Namba ya punguzo yenye jina la kocha humwezesha muuzaji kujua mauzo yapi yametokana naye, na kwa kawaida humwingizia kamisheni. Kulipwa si dhambi, kila mtu anatafuta riziki. Ila aseme waziwazi kwamba analipwa, na wewe uyapime maneno yake kama tangazo. Kabla ya kulipa soma masharti ya kurudishiwa fedha. «Kuridhika kwa asilimia mia» mara nyingine huhusu kopo ambalo halijafunguliwa tu, na utajuaje kama umeridhika bila kulifungua? Tazama pia kama umewekewa alama ya kukubali kukatwa kila mwezi.

Ukitaka kumpima kocha mwenyewe, mwandikie ujumbe mfupi wenye maswali matatu: walioanza kifurushi cha mwisho walikuwa wangapi na wastani wa kupungua kwa wote ni kiasi gani, baada ya miezi sita wako wapi, na kila kiambato kina miligramu ngapi. Mtu mkweli anaweza kukujibu kwamba hana takwimu za miezi sita, na hilo si kosa. Lakini ukijibiwa kwa shuhuda nyingine, au ukaambiwa una mawazo hasi, au ukafungiwa, umeshapata jibu. Kama ana vyeti, visikutishe. Cheti cha ukufunzi wa mazoezi ni cha mazoezi. Kujua kuinua vyuma vizuri hakumfanyi mtu ajue dozi ya kitu kinachopitia kwenye ini.

Nimetaja ini kwa makusudi. Dondoo ya chai ya kijani iliyokolezwa kwenye vidonge si sawa na chai ya kikombe. Mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ilieleza mwaka 2018 kwamba kufikia miligramu 800 kwa siku za kemikali yake kuu, EGCG, kutoka kwenye virutubisho kunaweza kuashiria madhara kwenye ini. Garsinia nayo imeripotiwa katika visa vya ini kuumia. Visa hivyo ni vichache ukilinganisha na wanaotumia, lakini faida unayoifuata ni ile ya kilo 0.88, tena yenye mashaka. Zaidi ya hapo, bidhaa za kupunguza uzito zimekutwa mara nyingi zikiwa na dawa ambazo hazikuandikwa kwenye lebo, hasa sibutramini, dawa ya kukata hamu ya kula iliyoondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa sababu ya hatari kwa moyo. Kidonge cha «mitishamba» kinachokata njaa kabisa kwa siku nzima kinastahili kutiliwa shaka kwa sababu hiyo hasa.

Basi vidonge usichukue. Kama unataka kujua mpango wa kula peke yake utakufikisha wapi, jipime hivi: kila asubuhi baada ya kwenda haja ndogo na kabla ya kula, andika uzito, halafu kila wiki tafuta wastani wa siku saba. Wiki ya kwanza usiihesabu, ni ya maji. Linganisha wastani wa wiki ya pili na wa wiki ya nne, ukijua kwamba siku za hedhi mwili hushika maji na mizani inaweza kupanda bila mafuta kuongezeka. Ikikuangukia hivyo, linganisha na wiki kama hiyo ya mwezi unaofuata. Ukipungua nusu kilo kwa wiki, hiyo ni sawa na pengo la kalori 550 kwa siku. Ni kitu kinachowezekana na kinachoweza kuwa mafuta kweli. Wala si lazima uache wanga wote. Pengo la kalori ndilo linalofanya kazi.

Rafiki yako usimkejeli, kilo zake amezitolea jasho na chakula alichokiacha ni yeye aliyekiacha, si kidonge. Mwambie aendelee na mlo kama anauweza na aweke kopo pembeni wiki mbili, aone wastani wake unakwendaje. Ila kama anatumia dawa za presha, kisukari au msongo wa mawazo, ana mimba au ananyonyesha, vidonge asimeze tena hadi amwone daktari. Na yeyote kati yenu akiona macho yanageuka njano, mkojo unakuwa mweusi kama chai ya rangi, mwili unawasha bila upele au maumivu chini ya mbavu za kulia, aende hospitali siku hiyohiyo na kopo lake mkononi, maana daktari atataka kuisoma lebo.